Kikohozi cha Dawa au cha Maradhi?

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kirumba, Mwanza, aliyeanza kumeza enalaprili ili kupunguza shinikizo la damu. Baada ya wiki tatu anapatwa na kikohozi kikavu chenye kuwasha koo. Je, ni dawa au ni kifua kikuu?

Enalaprili huzuia kimeng'enya kinachosaidia kupandisha shinikizo la damu. Lakini kimeng'enya hicho hicho huvunjavunja kemikali ya mwilini iitwayo bradikinini. Bradikinini ikirundikana, huchokoza neva za njia ya hewa, na mtu hukohoa. Kikohozi cha namna hii hakiambatani na homa wala makohozi, wala hakimkondeshi mtu. Hata hivyo, kifua kikuu nacho huweza kuanza kwa kikohozi kikavu. Kwa hiyo kikohozi kilichotimiza wiki mbili sharti kichunguzwe hospitali, hata kama dawa inashukiwa.

Ushahidi wa mwisho hupatikana kwa kuiondoa dawa. Daktari humbadilishia mgonjwa, kwa mfano kwa losartani, isiyozuia kimeng'enya hicho. Kikohozi cha dawa kwa kawaida hutoweka katika wiki 1 hadi 4, na mara chache huchukua miezi 3. Kisipotoweka, sababu nyingine itafutwe. Lakini mvuvi wetu asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani shinikizo lisilodhibitiwa huweza kuleta kiharusi.