Karoti, Papai na Kijiko cha Mafuta

Rangi ya machungwa ya karoti na papai hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Karotini haiyeyuki katika maji, bali katika mafuta. Mafuta yafikapo utumboni, nyongo huyavunja kuwa matone madogo mno, nayo karotini huingia mwilini pamoja nayo. Yasipokuwapo, sehemu kubwa yake hutoka na choo.

Kwa hiyo kachumbari ya karoti yenye ndimu na chumvi tu, ikiliwa peke yake, hunufaisha kidogo. Ikiliwa na pilau, mafuta ya pilau yatosha. Kijiko kimoja cha chai kwa mlaji hukidhi haja. Karoti na ikunwe au ipikwe, kwani ikiwa mbichi na nzima hung'ang'ania karotini yake. Papai, lililo laini, huliwa mara baada ya mlo.