Mauzo ya Sh. 7,000,000 kamili: alama moja ya kompyuta yaongeza kodi kwa Sh. 150,000

MFANYABIASHARA mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yamekadiriwa kuwa Sh. 7,000,000 kamili, bila shilingi kuzidi wala kupungua, anaweza kuambiwa alipe Sh. 100,000 au Sh. 250,000. Tofauti hiyo inaweza kutokana na alama moja tu iliyosahauliwa na aliyeandika programu ya kompyuta.

Chanzo chake ni jinsi kompyuta inavyopanga watu katika madaraja. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 2019 iliweka madaraja ya kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo wasiotunza kumbukumbu za mauzo. Mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000 kwa mwaka hayakutozwa kitu. Yanayozidi hapo lakini hayazidi Sh. 7,000,000 yalitozwa Sh. 100,000. Yanayozidi Sh. 7,000,000 lakini hayazidi Sh. 11,000,000 yalitozwa Sh. 250,000, na yanayozidi hapo lakini hayazidi Sh. 14,000,000 yalitozwa Sh. 450,000.

Neno la kushika hapo ni "hayazidi". Mwenye Sh. 7,000,000 kamili hajazidi kitu, kwa hiyo yumo katika daraja la chini na kodi yake ni Sh. 100,000. Sheria haikuacha utata wowote.

Tatizo huanza pale maneno hayo yanapogeuzwa kuwa amri za kompyuta. Chukua mfano wa ofisi ya kutunza mahesabu inayowahudumia wenye maduka. Karani wake ameandika amri hii:

```sql
CASE
  WHEN mauzo < 4000000  THEN 0
  WHEN mauzo < 7000000  THEN 100000
  WHEN mauzo < 11000000 THEN 250000
  WHEN mauzo < 14000000 THEN 450000
END
```

Kompyuta husoma amri ya `CASE` kuanzia juu kwenda chini. Hushika sharti la kwanza ambalo ni kweli, na yaliyobaki haiyatazami tena. Alama ya `<` maana yake ni "chini ya". Milioni saba si chini ya milioni saba, hivyo sharti la pili linashindwa na mfanyabiashara anashuka hadi la tatu, ambako anakutana na Sh. 250,000. Ilitakiwa iandikwe `<=`, yaani "chini ya au sawa na", ambayo ndiyo tafsiri ya "hayazidi".

Huenda mtu akasema ni wachache mno ambao mauzo yao huangukia hapo hasa. Kwa anayetunza risiti hilo ni kweli, kwani mauzo yake yatakuwa kama Sh. 6,983,450. Lakini asiye na kumbukumbu hukadiriwa, na anayekadiria hutaja tarakimu za mviringo: milioni nne, milioni saba. Hivyo, hesabu za makadirio ndizo zenye nafasi kubwa ya kutua juu ya mpaka.

JUMLA HAIONYESHI KOSA

Jambo la hatari zaidi ni kwamba kosa hili linaweza kupita mbele ya mkaguzi bila kuonekana. Tuseme ofisi hiyo ina wateja sita, ambao mauzo yao ni Sh. 3,850,000, 4,000,000, 6,920,000, 7,000,000, 11,000,000 na 14,000,000.

Kwa mujibu wa madaraja ya mwaka 2019, wawili wa kwanza hawadaiwi kitu. Wa tatu na wa nne wanadaiwa Sh. 100,000 kila mmoja, wa tano Sh. 250,000 na wa sita Sh. 450,000. Jumla ni Sh. 900,000.

Programu ya karani inatoa hesabu nyingine. Wa kwanza hadaiwi, lakini wa pili anatozwa Sh. 100,000 asizodaiwa. Wa tatu yuko sawa. Wa nne anatozwa Sh. 250,000 na wa tano Sh. 450,000. Wa sita, mwenye milioni 14 kamili, hakutimiza sharti lolote na amri haina `ELSE` ya kumpokea. Kompyuta inamwandikia `NULL`, yaani hakuna jibu, na amri ya kujumlisha ya `SUM` huiruka `NULL`.

Jumla ya programu hiyo nayo ni Sh. 900,000. Watatu wametozwa zaidi, kwa pamoja Sh. 450,000, na mmoja hakutozwa Sh. 450,000 anazodaiwa. Anayelinganisha jumla peke yake ataona vitabu vimelingana na kuweka sahihi.

WENYE KUMBUKUMBU HAWAGUSWI

Sheria hiyohiyo ilikuwa na safu ya pili kwa wanaotunza kumbukumbu. Aliyekuwa kati ya milioni 4 na 7 alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4. Aliyezidi milioni 7 alilipa Sh. 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Mwenye milioni 7 kamili akiwekwa daraja la chini, kodi yake ni asilimia 3 ya milioni 3, yaani Sh. 90,000. Akiwekwa kimakosa daraja la juu, analipa Sh. 90,000 na asilimia 3 ya sifuri. Jibu ni lilelile.

Hapo ndipo penye kipimo cha kujua mahali pa kuangalia. Daraja linapopanda taratibu, kosa la mpakani halina gharama. Linaporuka kwa mkupuo, gharama ya kosa ni sawa na ukubwa wa mruko wenyewe.

DAWA MBILI ZENYE KASORO

Baadhi ya waandishi wa programu hutumia `BETWEEN` wakidhani wamekwepa tatizo. Amri hiyo huhesabu ncha zote mbili kuwa zimo. Wakiandika milioni 4 hadi 7, kisha milioni 7 hadi 11, milioni 7 inakuwa katika madaraja yote mawili na hushinda lililoandikwa kwanza. Siku mtu atakapopanga upya mistari kuanzia kubwa kwenda ndogo, kodi itabadilika ingawa hakuna tarakimu iliyoguswa.

Wengine huanzisha daraja la pili kwenye 7000001. Hiyo inafaa kwa shilingi nzima tu. Kiasi cha 7000000.50 hakimo huku wala kule, na kinaishia kwenye `NULL`.

Njia iliyo salama ni kufuata maneno ya sheria au mkataba neno kwa neno. "Hayazidi" ni `<=`. "Chini ya" ni `<`. "Kuanzia" ni `>=` na "zaidi ya" ni `>`. Maneno "kati ya" na "hadi" hayasemi wazi kama ncha imo, hivyo aliyeandika mkataba aulizwe kwanza. Aidha, `ELSE` iwekwe ili kinachokosa daraja kionekane kwa jina lake.

Kisha kila mpaka ujaribiwe kwa tarakimu tatu. Kwa milioni saba, ziingizwe 6999999, 7000000 na 7000001. Majibu yanayotakiwa ni 100000, 100000 na 250000. Jibu la katikati likitoka 250000, alama ya usawa imesahauliwa. Programu ya karani wetu ina mipaka minne, hivyo majaribio kumi na mawili yanatosha kuimaliza.

Mfanyabiashara asiyejua kompyuta naye anaweza kujikagua. Kiasi chake kikiwa sawasawa na tarakimu ya mpaka iliyochapishwa, asome neno lililotangulia tarakimu hiyo kabla ya kulipa.