Maji Katika Hali Tatu: Karatasi ya Kazi na Jaribio la Kopo Moja

Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Hali zake zinazofundishwa shuleni ni tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Yabisi ina umbo lake na ujazo wake, hivyo kipande cha barafu kikihamishwa kutoka bakuli hadi sahani hakibadiliki. Kimiminika kina ujazo wake, lakini umbo hukipata kwa chombo kilichomo. Gesi haina umbo wala ujazo wake yenyewe. Husambaa mpaka ikajaza chombo chote, na kama hakuna chombo huenea hewani.

Maji hufaa sana kwa somo hili kwa sababu hupitia hali zote tatu katika jotoridi la kawaida la nyumbani na la friza. Barafu, maji ya kunywa na mvuke vyote vimeundwa na molekuli zilezile, kila moja ikiwa na atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Katika barafu, molekuli hushikiliwa na jirani zake na hutikisika tu palepale zilipo. Katika maji, bado zinavutana lakini huteleza na kupishana. Katika mvuke, zimeachana na kila moja huruka kivyake. Kinachobadilika ni mpangilio na mwendo wa molekuli. Molekuli yenyewe haibadiliki.

Hapo ndipo swali kuu la karatasi hii ya kazi linapotoka. Ikiwa hakuna molekuli inayoongezwa wala kupunguzwa, uzito wa maji unapaswa kubaki uleule yanapoganda na yanapoyeyuka, hata kama ujazo wake umebadilika. Jaribio linalofuata hulipima dai hilo bila moto, bila kemikali na bila chombo cha glasi.

Vifaa na tahadhari

Kinachohitajika ni kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana na kuta zilizonyooka kutoka chini hadi juu, rula, selotepu, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, kitambaa kikavu, karatasi nyeupe ya kufutia na rangi ya chakula. Friza ya kawaida ya jokofu inatosha.

Kopo lisiwe la glasi, kwa kuwa maji yanapoganda hutanuka na glasi inaweza kupasuka. Lisijazwe hadi juu. Robo ya kopo iachwe tupu. Barafu iliyotoka friza haishikwi kwa mikono iliyolowa, kwani huweza kunata kwenye ngozi na kuiumiza. Maji yanayomwagika sakafuni yapanguswe mara moja.

Hatua ya kwanza: kugandisha

Maji yenye matone machache ya rangi ya chakula humiminwa kwenye kopo hadi kimo cha sentimita 10 kutoka chini. Kipande cha selotepu hubandikwa nje, ukingo wake wa juu ukilingana na uso wa maji. Kifuniko hufungwa, nje ya kopo hukaushwa, kisha kopo zima hupimwa. Chukulia kopo na kifuniko vina gramu 30 na maji ni gramu 400. Mizani itasoma gramu 430. Kopo huwekwa kwenye friza mahali palipo sawa na kuachwa usiku kucha.

Asubuhi, kabla ya kopo kupata umande, hupanguswa haraka na kupimwa. Mizani husoma gramu 430, kama jana. Rula, hata hivyo, haisomi kama jana: barafu imepanda juu ya selotepu. Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, kwa hiyo kimo cha sentimita 10 hukaribia sentimita 11. Aghalabu kipimo huwa pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu ukuta wa plastiki husukumwa nje na kuchukua sehemu ya mtanuko. Barafu pia huwa na kinundu katikati, hivyo kimo hupimwa ukingoni na katikati, na vipimo vyote viwili huandikwa.

Mtanuko huu si wa kawaida. Vitu vingi vikiganda hunywea. Mafuta ya nazi yaliyoganda asubuhi ya baridi huonyesha kishimo kidogo katikati ya chupa, wakati barafu huonyesha kinundu. Sababu ni kwamba molekuli za maji zinapoganda hushikana katika mpangilio wenye nafasi wazi kati yake, na hivyo huhitaji eneo kubwa zaidi kuliko zilipokuwa zikipishana. Uzito uleule katika ujazo mkubwa zaidi ndio unaoifanya barafu ielee juu ya maji.

Hatua ya pili: kuyeyusha

Kopo lililofungwa huwekwa juu ya sahani, na sahani juu ya mizani. Uzito wa sahani huandikwa kando ili utolewe baadaye. Baada ya dakika 20 hivi, nje ya kopo hujitokeza ukungu mweupe, kisha vitone vidogo, kisha matone makubwa yanayoteremka hadi sahanini. Mizani nayo hupanda. Mahali penye unyevu mwingi hewani, kama Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, huweza kuongezeka gramu kadhaa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wapo wanaosema barafu ikiyeyuka huwa nzito, na wapo wanaosema kopo linavuja. Rangi ya chakula huamua. Karatasi nyeupe ikipitishwa juu ya matone ya nje, hulowa bila kupata rangi. Maji yale hayakutoka ndani ya kopo. Yalikuwa mvuke katika hewa ya chumba. Mvuke huo uligusa ukuta wa baridi, molekuli zake zikapunguza mwendo, zikashikana na kurudi kuwa kimiminika. Kopo na sahani vikipanguswa, mizani hurudi kwenye gramu 430. Mahali pakavu, kama Dodoma wakati wa kiangazi, matone huwa machache na mizani inaweza isisogee kabisa; hilo ni jibu sahihi pia, kwa kuwa linaonyesha hewa ya hapo ina mvuke kidogo.

Barafu yote ikishayeyuka baada ya saa kadhaa, kopo hupanguswa tena, hupimwa, na kimo husomwa. Jedwali lililojazwa kwa mfano huu huonekana hivi:

| Wakati | Kimo (sm) | Uzito kabla ya kupangusa (g) | Uzito baada ya kupangusa (g) |
|---|---|---|---|
| Maji, kabla ya friza | 10 | 430 | 430 |
| Barafu, punde baada ya kutoka friza | karibu 11 | 430 | 430 |
| Barafu inayeyuka, dakika 20 | haisomwi | 433 | 430 |
| Maji, barafu imekwisha | 10 | 434 | 430 |

Safu ya mwisho ndiyo inayojibu swali kuu. Uzito ukionekana kupungua baada ya friza, kifuniko hakikubana na maji kidogo yametoka. Ukionekana kuongezeka hata baada ya kupangusa, maji yamebaki chini ya kopo au kwenye mikunjo ya kifuniko. Kimo kisiporudi sentimita 10, huenda plastiki imepinda au kitako cha kopo kimevimba.

Mwenye kipimajoto cha maabara cha spiriti anaweza kuongeza kipimo kimoja katika bakuli la pembeni: vipande vya barafu na maji baridi, vikikorogwa na kusomwa kila baada ya dakika 5. Kipimajoto cha homa hakifai, kwani husoma eneo dogo tu karibu na joto la mwili. Jotoridi hukaa kwenye nyuzi 0 au karibu nayo kwa muda wote barafu ingalipo, ingawa chumba kina nyuzi 30, na huanza kupanda barafu inapokwisha. Joto linaloingia katika kipindi hicho halipotei. Hutumika kuzifungua molekuli kutoka katika mpangilio wa barafu. Ni joto jingi: kuyeyusha gramu 100 za barafu huchukua joto lote linalotolewa na takribani gramu 270 za maji ya nyuzi 30 yanapopoa hadi nyuzi 0.

Hatua ya tatu: kuvukiza

Sahani mbili zinazofanana huwekewa vijiko viwili vikubwa vya maji kila moja. Moja hufunikwa kwa bakuli lililogeuzwa, nyingine huachwa wazi, zote zikiwa kivulini. Kesho yake sahani iliyo wazi imekauka au imebaki na maji kidogo, na iliyofunikwa bado ina maji mengi, huku upande wa ndani wa bakuli ukiwa na unyevu.

Maji hayakuchemka, lakini yamegeuka gesi. Molekuli zenye mwendo mkubwa zaidi usoni mwa maji huponyoka na kuingia hewani katika jotoridi lolote. Chini ya bakuli, mvuke hurundikana na molekuli nyingi hurudi majini. Kuchemka ni tofauti: hapo mvuke hujengeka hata ndani ya maji na kupanda kama mapovu. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, na Nairobi, iliyo juu zaidi na yenye kanieneo ndogo ya hewa, huchemka kwenye takribani nyuzi 94.

Mvuke wenyewe hauonekani. Wingu jeupe linalotoka kwenye mdomo wa birika si gesi, bali ni matone madogo sana ya maji yaliyojitengeneza mvuke ulipokutana na hewa baridi.

Maswali na majibu

1. *Kwa nini barafu huelea?* Kwa sababu maji yakiganda hutanuka bila kuongezeka uzito, hivyo barafu ni nyepesi kuliko maji ya ujazo uleule.

2. *Matone ya nje ya kopo yametoka wapi, na ushahidi ni upi?* Yametoka kwenye mvuke wa hewani. Ushahidi ni kwamba hayana rangi iliyotiwa ndani, na uzito wa kopo ulipanda kabla ya kupanguswa ukarudi baada yake.

3. *Kwa nini kopo lilifungwa lakini sahani moja ikaachwa wazi?* Kopo lilifungwa ili molekuli zisitoke wala kuingia, uzito uweze kulinganishwa. Sahani iliachwa wazi ili molekuli ziweze kutoka.

4. *Sahani iliyokauka imepoteza uzito. Je, maji yake yameisha?* La. Yamo hewani chumbani yakiwa mvuke, na yanaweza kuonekana tena kama matone kwenye kopo jingine la barafu.

Mwanafunzi aliyeyajibu haya kwa kutumia vipimo vyake mwenyewe amethibitisha kwamba maji yakibadili hali hubadili umbo na ujazo, lakini uzito wake hubaki uleule mradi hakuna kilichoingia wala kutoka.