Karatasi ya Altrasaundi: Namba Moja, Maana Mbili



Maombi ya msaada wa matibabu kutoka vijiji vya kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu mara nyingi huja yameambatanishwa na karatasi ya altrasaundi ya nyonga. Kamati huona neno “uvimbe” na kuanza kuchangisha fedha za upasuaji. Katika toleo hili tunaeleza karatasi hiyo inasema nini, maana si kila uvimbe unaoandikwa ni ugonjwa.

Jambo la kwanza la kutazama ni herufi LMP. Hapo huandikwa tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwili wa mwanamke hubadilika kila juma, na bila tarehe hiyo namba zinazofuata haziwezi kusomwa sawasawa.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29. Alianza hedhi tarehe 3 Mei, akapimwa tarehe 15 Mei, yaani siku ya 13. Karatasi yake inasema ET ni milimita 9, na ovari ya kulia ina uvimbe wa maji wa milimita 22.

ET ni unene wa utando wa ndani ya mji wa mimba. Wakati wa hedhi utando huo hubomoka na kubaki milimita 1 hadi 4. Kisha hujijenga upya, na baada ya yai kutoka unaweza kufika milimita 16. Kwa hiyo milimita 9 siku ya 13 ni hali ya kawaida.

Na ule uvimbe? Kila mwezi ovari hulea yai ndani ya kijifuko cha maji kiitwacho folikoli. Kijifuko hicho hukua kiasi cha milimita 2 kwa siku, na hupasuka kikiwa na milimita 18 hadi 25 ili yai litoke. Mama huyu hana ugonjwa hapo. Ana yai lililoiva. Akipimwa tena mara baada ya hedhi ijayo, kwa kawaida kijifuko hicho hakitaonekana.

Wakati mwingine kijifuko hakipasuki, kikaendelea kujaa maji. Hicho ndicho huitwa sisti. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, sisti yenye maji matupu na ukuta mwembamba, isiyozidi sentimita 5, kwa kawaida huondoka yenyewe katika miezi miwili au mitatu. Ikiwa kati ya sentimita 5 na 7, daktari huifuatilia kwa kupima tena. Ikizidi 7, au ikiwa na nyama ndani yake, inahitaji uchunguzi wa mtaalamu. Maumivu makali ya ghafla yenye kutapika hayasubiri: ovari inaweza kuwa imejisokota, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine huandikiwa kuwa wana folikoli ndogo nyingi, na nyumbani wakaitwa tasa. Ovari yenye afya huwa na folikoli kadhaa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2003 ulihesabu 12 katika ovari moja kuwa nyingi kupita kawaida. Ule wa 2018 ulipandisha hadi 20, kwa sababu mashine mpya huona zaidi. Hata zikifika idadi hiyo, picha peke yake haitoshi. Daktari hutazama pia kama hedhi inaruka miezi, au kama kuna dalili za homoni za kiume kuzidi, kama vile ndevu. Na wengi wenye hali hiyo hupata watoto, wengine kwa kusaidiwa na dawa.

Sasa turudi kwenye ile milimita 9, lakini safari hii ni ya bibi wa miaka 58 aliyekoma hedhi miaka saba iliyopita, naye ameanza kuona matone ya damu. Kwake utando haupaswi kujijenga tena. Kwa mwenye kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, utando unaozidi milimita 4 unahitaji kuchukuliwa kipande kidogo kipimwe saratani. Hata ukiwa mwembamba, damu ikirudi, arudi kwa daktari. Huyu ndiye wa kupewa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa kama KCMC, Moshi, bila kungoja kikao kijacho.

Basi, ombi likifika, kamati imwombe mhusika kwa faragha, kupitia mama anayemwamini, aeleze mambo matatu: umri wake, tarehe ya hedhi ya mwisho, na dalili zilizompeleka kupimwa. Mambo hayo yarudi kwa daktari pamoja na karatasi, naye ndiye aamue. Karatasi yenyewe ni siri ya mgonjwa, isisomwe kikaoni.

Ofisi ya Miradi ya Dayosisi