Kabla ya kuuliza karatasi ya dawa inasema nini

Jumamosi moja asubuhi nilipokea picha kwenye simu kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Malindi. "Shikamoo mwalimu. Hebu tuangalizie hii. Ustadh ameisoma, anasema ni dawa ya wajawazito, lakini mume wangu ana wasiwasi." Mwanafunzi huyo alikuwa na mimba ya miezi saba na mgongo ulikuwa ukimsumbua. Binamu ya mumewe alikuwa amerudi kutoka Ghuba, na miongoni mwa zawadi alizoleta mlikuwa na vidonge kumi vya maumivu, alivyopewa na Mpakistani aliyeishi naye chumba kimoja. Vidonge vilikuwa vimezungushiwa kipande cha karatasi iliyochanika. Kipande hicho ndicho nilichopigiwa picha: mistari minne, hati ya Kiarabu, upande mmoja umefifia.

Sharti niseme mapema kwamba ustadh huyo si mjinga wala mzembe. Amesomesha madrasa kwa miaka mingi, na Kiarabu anakijua. Alipoona hati anayoijua, akasoma. Katika mstari wa pili alikuta neno "hamila", na hata wewe msomaji unaweza kulihisi, kwani Kiswahili kina himila, yaani mimba. Mbele kidogo akakuta "khawatin", mabibi. Kisha "dawa", neno ambalo halihitaji kutafsiriwa. Kisha "istimal", ambalo kwa Kiarabu ni kutumia. Maneno manne yote akayatambua: wajawazito, mabibi, dawa, kutumia. Akayaunga, na maana ikajitokeza yenyewe. Maneno mengine matatu madogo yaliyobaki hakuyaelewa, akadhani ni chapa mbovu.

Mstari wenyewe, ukiandikwa kwa herufi zetu, ulikuwa hivi: "Hamila khawatin ye dawa istimal na karen." Hicho si Kiarabu. Ni Kiurdu, na maana yake ni kwamba wanawake wajawazito wasitumie dawa hii. "Ye" ni hii. "Karen" ni kitenzi cha kufanya, katika umbo la kuelekeza kwa adabu. Na "na", ambayo kwetu Waswahili huunganisha, kwa Waurdu hukanusha. Sentensi nzima imening'inia kwenye kijineno hicho, na hicho ndicho ustadh alichokiruka.

Nimelisimulia jambo hili kirefu kwa sababu linaonyesha kitu ambacho sisi wanaisimu hukifundisha darasani kwa namna kavu mno. Lugha hukopa nomino kwa urahisi sana. Dawa, hospitali, tableti, daktari, miligramu, paracetamol: maneno haya husafiri kama abiria, hushuka kila bandari. Yasiyosafiri mara nyingi ni yale madogo: vihusishi, vikanushi, viambishi. Hayo hubaki nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kujua karatasi imeandikwa kwa lugha gani, usitafute neno unalolijua. Tafuta yale madogo yanayojirudia kila mstari, hasa usiyoyajua. Maneno makubwa yatakwambia jamaa za lugha hiyo na majirani zake. Madogo ndiyo yatakayokwambia ni nani hasa anayezungumza.

Sasa tuirudie picha ile, maana watu wengi wa pwani yetu na wa Eastleigh hupata karatasi za aina hii. Hati ya Kiarabu huandika lugha nyingi, zikiwemo Kiarabu, Kifarsi na Kiurdu. (Hata Kiswahili kiliandikwa kwayo kwa karne nyingi, na waandishi wetu walitaabika na sauti ambazo Waarabu hawana. Wa kale walitumia herufi be kwa b na p pia; wengine baadaye wakachukua herufi za Waajemi.)

Jambo la kwanza ninalolitazama ni "al". Kiarabu hakiwezi kwenda mistari minne bila alifu na lamu mwanzoni mwa maneno: al-hawamil, al-dawa, al-atfal. Hata asiyejua Kiarabu ataona vile vijiti viwili virefu vikisimama sambamba mwanzoni mwa neno baada ya neno. Katika picha ya Malindi havikuwepo hata mara moja. Hilo peke yake lingetosha kumfanya ustadh asite.

Halafu natazama herufi ambazo Kiarabu sanifu hakina. Kuna be yenye nukta tatu chini badala ya moja, hiyo ni p. Kuna jimu yenye nukta tatu, hiyo ni ch. Kuna kafu yenye mstari wa pili juu, hiyo ni g. Ukiziona hizi, umekwisha kuondoka Kiarabu, lakini bado hujui umefika wapi, kwa sababu Kifarsi na Kiurdu wanazigawana. Kinachotenga Kiurdu ni alama ndogo kama herufi to iliyoketi juu ya te, dali au re, kwa zile sauti zinazotamkwa ulimi ukiwa umekunjwa nyuma. Kingine ni ye ya mwisho wa neno ambayo mkia wake umefagiwa kurudi nyuma chini ya neno. Ye hiyo hujaa katika Kiurdu kwa sababu vijineno vyake vingi huishia nayo: "ke", "se", "he". Mstari wa mwisho wa picha ile, ambao huchapishwa kwenye dawa nyingi za Pakistani, ulikuwa na baadhi ya alama hizi: "bachon ki pahunch se dur rakhen", weka mbali na watoto. Mna ch, mna p, mna "se". Ustadh aliuruka mstari mzima.

Kifarsi nacho kina vijineno vyake: "ast" kwa maana ya ni, "az" kwa maana ya kutoka, "ra" baada ya kitendwa. Huko ukanushi umejificha zaidi. "Masraf konid" ni tumieni. "Masraf nakonid" ni msitumie. Tofauti ni herufi moja, nuni, iliyobandikwa mbele ya kitenzi. Mwarabu akiliona neno hilo la kwanza atafikiria matumizi ya pesa au benki, na Mswahili atakumbuka masurufu ya safari. Na kuna neno ambalo kila ninapolitaja darasani huzua kicheko. Kwenye chupa ya Kiarabu, "sharab" ni dawa ya maji, ile tunayoiita sirapu. Kwa Kifarsi na Kiurdu, "sharab" ni mvinyo au pombe. Sirapu kwao ni "sharbat", na ndugu yake kwetu ni sharubati. Basi anayeonywa kwa Kiurdu asichanganye dawa na "sharab" haonywi kuhusu sirapu.

Tarakimu nazo zinahitaji jicho. Katika mtindo wa Kiarabu wa mashariki, tano ni kiduara, na sifuri ni nukta. Aliyezoea tarakimu za shuleni kwetu atasoma 15 kama 10. Sita yao inafanana na saba yetu, hivyo dawa ya kila saa 6 inageuka ya kila saa 7. Lakini tarakimu husaidia pia kutambua lugha: nne ya Kiarabu ni kama tatu yetu iliyogeuzwa, ilhali Waajemi na Waurdu huandika nne yenye kijiti, na tano yao ni kama moyo uliopinduliwa. Wachapishaji wengi wa Pakistani, hata hivyo, hutumia tarakimu zetu hizi, kwa hiyo kukosekana kwa hizo nyingine hakuthibitishi lolote.

Yote haya yanategemea nukta, na nukta ndizo hufa kwanza katika picha. P yenye nukta tatu ikififia hugeuka b. Ile to ndogo juu ya herufi hugeuka doa. Picha ya kwanza niliyotumiwa ilipigwa usiku kwa taa ya simu, karatasi imekunjwa, kisha WhatsApp nayo ikaibana ikapungua zaidi. Nilimwomba aibandike karatasi juu ya kioo cha dirisha mchana, apige upya pande zote mbili bila flashi, na aitume kama faili ya hati badala ya picha. Vilevile apige picha ya vidonge vyenyewe, mbele na nyuma.

Kwa hati ya Kilatini mbinu ni ileile, ingawa watu huiamini zaidi kwa kuwa herufi wanazijua. Ukikuta "og" kila mstari, uko Denmaki au Norwe. "Och" ni Uswidi. "Und" ni Kijerumani. "Ve" huenda ikawa Kituruki, hasa kama kuna i isiyo na nukta. Karatasi za dawa za Umoja wa Ulaya hurahisisha mambo, kwani kichwa chake hutaja aina ya karatasi kwa lugha husika: "Bijsluiter" ni Kiholanzi, "Bipacksedel" ni Kiswidi, "Pakkausseloste" ni Kifini. Ila sanduku moja la Ubelgiji laweza kuwa na lugha tatu, usije ukasoma nusu ya moja na nusu ya nyingine. Na mtungi wa sabuni au rangi kutoka Ujerumani ulioandikwa "Gift" haukuletei zawadi. Hiyo ni sumu.

Mimi Kiurdu ninakitambua, sikisomi. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kuichukua ya kwanza kama ya pili ndilo kosa lililotokea Malindi. Picha mpya zilipofika nilimtumia mwenzangu mmoja mstaafu wa Parklands, ambaye Kiurdu ni lugha ya nyumbani kwao. Sikumuuliza "inasema nini?" Nilimwandikia: "Naamini hiki ni Kiurdu. Mstari wa pili una ukanushi?" Akajibu kwa neno moja, ndiyo, kisha akapiga simu kunisomea mistari yote minne.

Picha ya vidonge nayo ilikuwa na lake. Ukanda ulikatwa mahali pabaya, jina la dawa likabaki nusu, lakini nyuma yake kwa herufi za Kilatini palisomeka "fenac Sodium 50 mg". Hilo nililiacha kwa mwenye taaluma yake. Mwanafunzi wangu alipeleka ukanda kwa mfamasia, akaambiwa kuwa inaelekea ni diclofenac, ambayo haifai kabisa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, kwani inaweza kudhuru moyo na figo za mtoto aliye tumboni. Mfamasia alivichukua vidonge vyote kumi akavitupa, akamwambia arudi kliniki kuhusu huo mgongo.

Jioni yake ustadh mwenyewe alinipigia. Hakutaka pole zangu. Alitaka kujua ile ye yenye mkia uliorudi nyuma huandikwaje, ili awaonyeshe wanafunzi wake.