Jina la Hadithi Linalogeuka Mwishoni

Tarehe 26 Juni 1948 jarida la New Yorker la Marekani lilichapisha hadithi fupi ya Shirley Jackson. Jina lake, kwa Kiswahili, ni Bahati Nasibu. Wakazi wa kijiji kidogo wanakusanyika uwanjani asubuhi ya kiangazi. Kuna sanduku jeusi lililochakaa, kuna karatasi zilizokunjwa, na kila familia inaitwa kwa jina ili mkuu wake aje achukue karatasi yake. Mama mmoja, Tessie Hutchinson, anafika amechelewa kwa sababu alikuwa akiosha vyombo, na majirani wanamtania. Karatasi yenye alama nyeusi inaangukia familia yake, kisha inaangukia yeye mwenyewe. Hapo wanakijiji wanaokota mawe na kumrukia.

Barua zilimiminika katika ofisi za jarida hilo kwa wiki nyingi. Wapo waliokasirika, na wapo waliouliza bahati nasibu ya namna hiyo inachezwa wapi. Mshtuko wao ulianzia kwenye jina. Anayesikia habari ya bahati nasibu hufikiria zawadi, na hadithi nzima huisoma akingoja kuona nani atajishindia. Anapofika mwisho anagundua kwamba tangu mwanzo kila mtu pale uwanjani alikuwa akiomba asishinde.

Jackson hakumdanganya msomaji hata kidogo. Kinachofanyika ni bahati nasibu kweli: sanduku ni la kweli, karatasi ni za kweli, na anayechaguliwa anachaguliwa bila upendeleo. Mawe nayo hayajafichwa. Karibu na mwanzo wa hadithi watoto wanaonekana wakiyajaza mifukoni na kuyarundika pembeni, na msomaji anapita akidhani ni mchezo wa watoto walio likizo. Hapo ndipo penye ufundi wa jina la namna hii. Maana ya kwanza inabaki kuwa kweli hadi mwisho, na maana ya pili imekuwa ikionekana muda wote. Kinachobadilika ni kile ambacho msomaji anakijua.

Mfaransa Guy de Maupassant alifanya hivyo miaka 64 kabla yake, kwa njia nyingine. Hadithi yake Mkufu, iliyotoka gazetini mwaka 1884, inamhusu Mathilde Loisel, mke wa karani wa wizara, anayeazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri ili aende nao kwenye sherehe. Usiku uleule mkufu unapotea. Mume na mke wanaona aibu kusema ukweli, wananunua mwingine wa kufanana nao kwa faranga 36,000, kisha wanatumia miaka kumi kulipa madeni. Mathilde anafua, anasugua sakafu, anabishana sokoni kwa ajili ya senti. Siku moja anakutana na rafiki yake na kumsimulia yote, na rafiki anamjibu kwamba mkufu ule ulikuwa wa bandia, wenye thamani isiyozidi faranga 500.

Majina ambayo hadithi hiyo ingeweza kupewa yanafundisha mengi. Ingeitwa Almasi Bandia, msomaji angejua mwisho kabla ya sentensi ya kwanza. Ingeitwa Deni la Miaka Kumi, jina lingesimulia katikati ya hadithi na lisingebaki na kazi yoyote mwishoni. Ingeitwa Tamaa, mwandishi angekuwa amemhukumu Mathilde kabla msomaji hajamwona. Maupassant alichagua kutaja kitu tu, bila kukisifu wala kukieleza, akaiacha bei ya kitu hicho ibadilike mbele ya macho ya msomaji.

Waandishi wa Kiswahili wanaukabili mtihani huu wakiwa na urithi wa pekee, yaani methali. Jina linalotokana na methali linavutia na linakumbukwa upesi, lakini methali huja ikiwa imekwisha kutoa hukumu. Msomaji anayekutana na hadithi iitwayo Asiyesikia la Mkuu hahitaji kuambiwa mkasa utaishia wapi, kwa kuwa ameumalizia mwenyewe kichwani. Jina kama hilo linaweza kufanya kazi nyingine nzuri, ila kugeuka mwishoni ni vigumu, labda hadithi yenyewe iivunje methali na kuonyesha kwamba mkuu ndiye aliyekosea.

Euphrase Kezilahabi alipita njia nyingine katika riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971. Kwa msomaji anayeanza, jina hilo ni la msichana Rosa wa Ukerewe, anayelelewa na baba mkali. Mkatoliki atalitambua pia kuwa ni mojawapo ya majina ya sifa ya Bikira Maria katika litania. Riwaya inamfuata Rosa shuleni na chuoni, ambako uhuru anaoupata ghafla unamwelemea. Hatimaye mchumba anamkataa kwa sababu si bikira, na Rosa anajiua. Anayerudi kwenye jalada baada ya hapo analiona jina la usafi likiwa juu ya binti aliyepoteza maisha kwa kipimo cha usafi walichokishika wengine. Kezilahabi hakulibadilisha jina hata herufi moja.

Mwandishi anayeanza atauliza jina la namna hiyo linapatikanaje. Mara nyingi halipatikani mwanzoni. Njia ya uhakika zaidi ni kuiandika hadithi yote ikiwa na jina la muda, kisha kuisoma upya ukiorodhesha vitu, mahali na shughuli zinazoonekana katika theluthi ya kwanza na kuonekana tena katika tukio la mwisho. Orodha huwa fupi, pengine mambo matatu au manne. Kwa kila kimoja anajiuliza: kati ya mwanzo na mwisho, je, mmiliki wake, bei yake au kazi yake imebadilika? Kilichobadilika zaidi, huku chenyewe kikibaki kilekile, ndicho kinachofaa kutajwa juu ya hadithi.

Chukua hadithi ya kubuni inayotokea Mwanza. Mzee Masanja ni dereva wa kipanya kinachotoka Buhongwa kwenda mjini. Mwanawe Juma, mwenye miaka kumi, anatamani kukaa karibu na baba yake, lakini baba anamwambia kiti kile ni cha mwenye nauli, kwa hiyo mtoto anabanwa nyuma, karibu na konda. Siku moja Juma anamwona baba akimkaribisha bibi mgonjwa anayekwenda Hospitali ya Bugando akae mbele, bila kumtoza senti, kwa kuwa nyuma gari linarusha sana. Mtoto ananuna. Miaka inapita, mzee anaacha kazi, Juma anarithi usukani. Hadithi inaisha alfajiri moja, kabla ya safari ya kwanza, Juma anapomshika baba mkono na kumfungulia mlango wa abiria ili ampeleke Bugando.

Mwandishi wake aliiita kwanza Ugonjwa wa Baba. Jina hilo linamfanya msomaji amwangalie mzee kwa jicho la daktari tangu ukurasa wa kwanza, akisubiri kikohozi. Akajaribu Malipo ya Wema, nalo likatangaza kwamba mzee atalipwa. Siri ya Mzee Masanja liliahidi siri ambayo haimo. Aliporudi kwenye orodha yake alikuta vitu vitatu vinavyoonekana pande zote mbili: usukani, nauli na kiti cha mbele. Usukani unabadilisha mwenyewe, lakini kila msomaji anatarajia mtoto wa dereva aje kuwa dereva. Nauli inagusa mwisho, ila haibebi tamaa ya mtoto. Kiti cha mbele kinabeba yote. Mwanzoni ni mahali pa heshima anaponyimwa Juma, na mwishoni ni mahali pa mgonjwa, na anayekalia ni yuleyule aliyekuwa akikigawa.

Jina la Kiti cha Mbele lilipopatikana, ilibidi hadithi irekebishwe ili ilistahili. Tukio la bibi mgonjwa lilikuwa limewekwa karibu na mwisho, ambako lilionekana kama maelezo ya haraka. Likasogezwa mapema na kuelekezwa kwenye kinyongo cha Juma, ili msomaji alipokee kama kisa cha wivu wa mtoto huku akiwa ameshaambiwa kiti kile kinawafaa akina nani. Katikati ya hadithi kiti hakitajwi kabisa. Kitu kinachotajwa kila ukurasa humchosha msomaji, naye hufika mwisho akiwa amekwisha kubashiri.

Rekebisho kubwa lilikuwa katika mistari ya mwisho. Katika rasimu ya kwanza Juma alisema, “Baba, leo kiti cha mbele ni chako.” Sentensi hiyo ilimfanyia msomaji kazi ambayo angeifanya mwenyewe kwa furaha zaidi. Mwandishi akaifuta. Mahali pake mzee anafika mlangoni, anasimama, anaingiza mkono mfukoni na kutoa sarafu za nauli. Hakuna anayelitaja jina la hadithi, na amri ile ya zamani aliyopewa mtoto imerudi kwa yule aliyeitoa.

Kabla ya kuitoa hadithi, jina linaweza kupimwa kwa msomaji mmoja asiyejua lolote kuihusu. Apewe jina peke yake na aandike kwa sentensi moja anachotarajia. Akimaliza kusoma, aandike tena jina hilo linahusu nini. Majibu yakilingana, jina ni kitambulisho tu. Jibu la kwanza likiwa limetaja mwisho, jina limemwaga kila kitu. Na akisema amelaghaiwa, kwa kawaida kosa haliko kwenye jina: maana ya pili haikupandwa mapema, ikaletwa ghafla katika aya ya mwisho. Wakati mwingine tiba ni sentensi mbili tu katika ukurasa wa pili.

Si kila hadithi inahitaji jina la aina hii. Hadithi ya upelelezi inayomwahidi msomaji mauaji hufanya vizuri kuyataja waziwazi, na kichekesho kinaweza kuuzwa na jina la kuchekesha tu. Panapohitajika, mwandishi ana jambo moja la kukubaliana na mhariri mapema, yaani picha na maelezo mafupi yanayowekwa juu ya hadithi. Mchoro wa mzee akisaidiwa kupanda gari, ukiwa chini ya maneno Kiti cha Mbele, unamaliza kila kitu kabla ya neno la kwanza. Mchoro wa mtoto aliyebanwa nyuma kwenye kipanya kilichojaa, akichungulia mbele kati ya mabega ya abiria, hautoi siri yoyote, nao umetoka moja kwa moja katika ukurasa wa kwanza wa hadithi.