Mgeni Pemba: Kwa nini nafasi ya barazani haipatikani kwa wiki moja

Mtu anayehamia Pemba kikazi hapati shida ya kukaribishwa. Siku ya kwanza atasalimiwa njiani na watu asiowajua, atapelekwa hadi mlangoni mwa nyumba anayoitafuta, na pengine jirani atamletea sahani ya chakula jioni. Shida huja baadaye. Wiki ya tatu bado anaitwa "mgeni wetu", bado anapishwa sehemu nzuri ya kukaa, na kila akifika barazani stori zinapoa ghafla.

Wengi huondoka na maneno kwamba Wapemba ni wagumu. Ukweli ni kwamba baraza lina utaratibu wake wa kumpokea mtu. Hakuna anayeutangaza, lakini ukiujua unaeleweka.

Baraza ni nini hasa

Baraza ni ile sehemu ya kukaa nje ya nyumba, iliyojengwa kwa mawe au saruji kando ya ukuta. Kwa maana pana ni kundi la wanaume wanaokutana pale pale kila siku, iwe ukutani, chini ya mwembe au kwenye mabenchi ya mbao karibu na muuza kahawa. Wengi huja baada ya sala ya laasiri, hutawanyika magharibi, kisha baadhi hurudi baada ya isha. Wakati wa Ramadhani kikao kizuri ni baada ya tarawehe.

Waliopo pale mara nyingi wamekua pamoja. Walisoma chuo kimoja cha Kurani na skuli moja, wameoana na dada za wenzao, na wamezika wazazi wao pamoja. Mgeni anaingia kwenye mazungumzo yaliyoanza miaka 30 iliyopita. Nusu ya utani hawezi kuuelewa, hata kama Kiswahili chake ni kizuri, maana unahusu watu na mambo ya zamani, tena kwa Kipemba.

Kwa nini wanakawia kumwamini mtu

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kihistoria. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, mabaraza mengi ya Zanzibar yaligeuka maskani za kisiasa. Kwenye uchaguzi wa 1995 chama cha CUF kilishinda viti vyote vya Pemba, na miaka iliyofuata ilikuwa ya chuki. Walikuwepo majirani waliosusiana maduka, harusi na hata maziko kwa sababu ya chama.

Januari 2001 waandamanaji waliuawa kwa risasi za polisi, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kukimbilia Kenya, wengi wakipitia Shimoni. Miaka ile, sikio geni barazani lilikuwa hatari ya kweli. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyofungua njia ya serikali ya umoja wa kitaifa, vilipunguza joto hilo. Lakini mazoea ya kumpima mtu kabla ya kuzungumza mbele yake hayakufutwa kwa kura. Mgeni kutoka bara anapoona watu wanabadilisha mada, mara nyingi hana alilokosea. Hajajulikana tu.

Wiki za mwanzo: nani kamleta?

Chukua mfano wa kijana wa Mbeya, Mkristo, anayehamishiwa tawi la benki Chake Chake na kupanga chumba mtaani. Swali la kwanza atakaloulizwa barazani ni "U mtu wa wapi?", na likifuatiwa na "Mwana wa nani?" hatakuwa na jibu la kuwasaidia. Wapemba humweka mtu mahali pake kwa ukoo na kijiji. Yeye hana ukoo pale.

Kwa hiyo anahitaji mtu wa kumshika mkono: mwenye nyumba wake, jirani, au mfanyakazi mwenzake aliyezaliwa hapo. Akija na mtu huyo mara mbili tatu, anakuwa "yule anayekaa kwa Mzee fulani". Hilo tayari ni anwani. Akifanya ubaya, aliyemleta ndiye ataulizwa, na ndiyo maana wenyeji hawamleti mtu ovyo.

Akifika, anatoa salamu moja kwa wote, kisha anapeana mikono na kila mmoja bila kumruka mtu. Wazee anawaamkia shikamoo. Halafu anakaa pembeni, maana sehemu nyingine zina wenyewe: mzee fulani hukaa pale kwenye pembe kila siku, na hakuna kibao kinachosema hivyo.

Kosa linalowapata wengi ni kununulia baraza zima kahawa na kashata siku ya kwanza. Nia ni njema, lakini inaonekana kama mtu anayenunua nafasi. Bora akubali kikombe anacholipiwa. Siku zinazofuata naye atalipia vya wawili watatu waliokaa karibu naye, kimya kimya, kama wanavyofanya wengine.

Kuna maswali mawili ya kuepuka kabisa. La kwanza ni lile la uchawi. Watu wa bara wameambiwa mengi kuhusu Pemba, na mgeni akiuliza "eti ni kweli?" watamcheka na kumjibu kwa adabu, lakini ameshawaambia kwamba alikuja na picha yao kichwani. La pili ni la chama. Hata kutoa maoni yasiyo na upande kunasikika kama kutega.

Bao linampa mgeni kazi ya kufanya

Kukaa tu bila kusema ni kugumu. Hapo ndipo bao, dhumna na karata vinaposaidia, maana mgeni anaweza kuwepo bila kulazimika kuongea. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mchezo hauanzi kete zote zikiwa ubaoni. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kisha huingiza moja moja kila zamu. Hatua hiyo huitwa kunamua. Zikiisha za mkononi ndipo inaanza hatua ya mtaji.

Watazamaji hawanyamazi. Wanazomea, wanasifu, wanabishana kuhusu mchezo wa juzi. Kijana wetu akae atazame kwa siku kadhaa. Asimfundishe mchezaji pa kuanzia, hata kama ameona kosa; ruhusa hiyo ni ya waliozoeana. Siku nafasi ikibaki wazi na mtu akasema "hebu kaa wewe", asikatae. Atafungwa vibaya, na hiyo ni bahati yake: sasa wana kitu cha kumcheka, na kesho atasalimiwa kwa kukumbushwa kipigo chake.

Utani huo ndio mlango. Watamcheka anavyosema "shule" badala ya skuli. Anaruhusiwa kurudisha kwa wa rika lake, kidogo, lakini kwa wazee acheke tu. Kuhusu mama wa mtu au mke wa mtu, hakuna utani.

Maziko ndiyo mtihani

Mambo yote hayo humfanya azoeleke. Kinachomfanya ahesabiwe ni siku ya msiba.

Kifo kikitokea, tangazo hutoka kwa kipaza sauti cha msikiti, na siku hizi kwa simu pia. Maziko mara nyingi ni siku hiyo hiyo, pengine baada ya saa chache. Mtu hawezi kusema atakwenda Jumamosi. Anaomba ruhusa kazini, anavaa suruali ndefu na shati la heshima, anakwenda.

Asiye Mwislamu husimama pembeni wakati wa sala ya maiti, kisha anaungana na msafara. Jeneza hubebwa mabegani kwa kupokezana: mtu huingia, hubeba hatua chache, humpisha wa nyuma yake. Mgeni amfuate aliyemleta na afanye anachoelekezwa. Baadaye anakwenda kukaa na wafiwa, hata kwa nusu saa bila maneno mengi, na anatoa ubani, yaani fedha kidogo ya kuwafariji, kadiri ya uwezo wake.

Hakuna atakayemshukuru kwa hotuba. Lakini katika kisiwa ambacho watu waliwahi kususiana maziko, kuwepo kaburini kunasomeka wazi. Jioni ile barazani watu watataja nani alionekana na nani hakuonekana.

Kwa mwanamke njia ni nyingine

Baraza la nje ni la wanaume. Mwanamke aliyehamia huingia kupitia ua wa jirani na shughuli. Kwenye harusi au hitima, anayekuja mapema kumenya vitunguu na kuchambua mchele anajulikana haraka kuliko anayekuja saa ya kula. Msimu wa karafuu ukifika, karafuu zilizochumwa lazima zitenganishwe na makonyo yake kabla ya kuanikwa kwenye mikeka. Kazi hiyo ya kuchambua hufanywa usiku, watu wamekaa chini kwa saa nyingi, mikono inakwenda na mdomo unakwenda. Mgeni anayejua kukaa pale atasikia mengi bila kuuliza.

Atajuaje kuwa ameingia?

Dalili ya kwamba bado ni adabu nyingi. Wakiendelea kumwambia "karibu sana" na kumpisha kiti, bado ni mgeni. Akiingia ni kinyume chake: anafika na hakuna anayeinuka, kikombe kinakuja bila kuagiza, anatumwa akaite mtu, anapewa jina la utani. Akikosa siku mbili, ya tatu anaulizwa kwa ukali kidogo: "Ulikuwa wapi wewe?" Swali hilo haulizwi mgeni.

Muda hauna kipimo. Kwa wengine ni miezi, kwa wengine ni baada ya msimu mzima wa karafuu. Na hata hapo kuna mipaka. Mambo ya ardhi ya ukoo na ndoa za watu hayatafunguliwa mbele yake, na uchaguzi ukikaribia ataona tena mazungumzo yanakatika akitokea. Asichukie wala asihame baraza. Anywe kahawa yake, asubiri kura zipite, na wiki inayofuata awepo pale pale alipokaa.